Viza ya Uingereza imechelewa, chuo kinaanza 22 Septemba. Nikiomba kuanza muhula kwa kuchelewa niandikeje?

Binti Chumbageni (Jumatatu 15 Septemba 2025, saa 2:10 usiku)

Wakuu, habari za Tanga na kwingineko.

Nimepata nafasi ya shahada ya uzamili ya sayansi ya bahari Uingereza, mwaka mmoja. Masomo yanaanza Jumatatu ijayo, 22 Septemba. Alama za vidole nilitoa Dar es Salaam Alhamisi ya 21 Agosti. Niliambiwa majibu ndani ya wiki tatu. Leo nimepokea ujumbe kwamba ombi langu linahitaji muda zaidi, bila tarehe.

Nataka kuiandikia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo. Nimeandaa barua hii, naiweka kwa Kiswahili ili kila mtu achangie, kuigeuza Kiingereza nitafanya mwenyewe:

"Habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wenu mpya kutoka Tanzania. Viza yangu imechelewa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wangu na sijui itatoka lini. Kwa heshima kubwa naomba niruhusiwe kuanza masomo wiki nne baada ya wenzangu. Nitajitahidi usiku na mchana kufidia vipindi vyote. Familia yangu imejinyima sana kufikia hapa, hivyo naomba mnifikirie. Asanteni."

Inatosha? Kuna cha kuongeza?

Mkonge Mbichi

Barua nzuri, ina adabu. Tuma kesho asubuhi mapema. Ila wiki tatu huhesabiwa tangu siku uliyolipa mtandaoni, sio siku ya vidole. Wewe ulilipa lini?

Binti Chumbageni

Nililipa 11 Agosti. Kwa hesabu yako basi zimepita zamani.

Baba Zuhura

Mdogo wangu, usitume chochote kwanza. Chuo kikijua viza imekwama kitakuripoti uhamiaji kwamba hujafika, na hapo ndipo watakunyima. Mpwa wangu alikaa kimya, viza ikatoka siku mbili kabla ya chuo kufungua. Kimya kina mshindo.

Kisosora

Mimi naona hii ni benki. Nani alikuwekea hela? Kama ni mjomba au kaka, andika barua ya mjomba kwamba anakudhamini, uitume haraka. Wengi hukwama hapo.

Mwalimu wa Raskazone

Nimerudi nyumbani baada ya miaka kadhaa ya kufanya kazi kwenye ofisi ya chuo cha Uingereza inayoshughulika na viza za wanafunzi. Barua kama hii nimezisoma nyingi mno, hasa Septemba. Nianze na hesabu, ndipo nije kwenye barua.

Mkonge Mbichi, muda unahesabiwa tangu siku ya vidole, si siku ya malipo. Hizo wiki tatu ni siku kumi na tano za kazi, na kule Jumatatu ya 25 Agosti ilikuwa sikukuu ya umma. Binti alitoa vidole tarehe 21. Anza kuhesabu tarehe 22, ruka wikiendi na hiyo 25, utaangukia Ijumaa ya 12 Septemba. Kwa hiyo ombi limepita muda wake kwa siku moja tu ya kazi. Jambo hili linabadilisha barua nzima, kwa sababu aliyechelewa siku moja na aliyechelewa mwezi hawaandiki ombi linalofanana.

Binti, kabla ya kutuma chochote fungua maelezo ya CAS yako, yaani ule uthibitisho wa udahili ambao chuo kilikutolea kwa ajili ya viza. Usiangalie namba peke yake, soma lile jedwali refu ulilotumiwa na chuo. Kuna mstari wa tarehe ya kuanza kozi, na chini yake kuna tarehe ya mwisho ambayo chuo kitakupokea kwenye kozi hiyo. Niambie imeandikwa tarehe gani.

Binti Chumbageni

Ahsante mwalimu. Nimeiona: 6 Oktoba 2025. Miaka yote naambiwa niangalie namba ya CAS, huo mstari hakuna aliyeutaja.

Mwalimu wa Raskazone

Vizuri. Sasa soma barua yako kwa macho ya mtu aliyeko ofisini kule.

Umeomba wiki nne baada ya 22 Septemba, yaani 20 Oktoba. CAS yako inasema mwisho ni 6 Oktoba. Wewe unamaanisha "nipeni nafasi kidogo". Anayesoma anaona mtu aliyesema kwa maandishi kwamba hatafika ndani ya muda. Mwingine ataona njia ya salama ni kukuahirisha na kuiondoa CAS. CAS ikiondolewa wakati ombi bado liko mezani, ombi linakataliwa, kwa sababu halina tena chuo kinacholisimamia. Unaweza kujikuta umekataliwa viza ambayo labda ingetoka wiki inayofuata.

Usiombe wiki nne, wala usitaje idadi ya wiki. Omba kujiandikisha kwa kuchelewa, lakini ndani ya 6 Oktoba, na waulize wazi itakuwaje tarehe hiyo ikifika viza haijatoka.

Pili, barua yako haina kitu hata kimoja cha kukutafutia kwenye mfumo wao. Jina lako la pasipoti liko wapi? Namba ya mwanafunzi? Kozi? Tarehe ya vidole? Ofisi ina mamia ya barua siku hizo, na isiyo na namba inasubiri mpaka mtu apate nafasi ya kukutafuta. Habari ya familia kujinyima ni ya kweli na inauma, lakini anayesoma hana mamlaka ya kuitumia. Anachoweza kukitumia ni tarehe na ushahidi.

Shangazi wa Pangani

Jamani na mimi nichangie. Mwanangu yuko China, alichelewa hivi hivi. Karatasi yake ya udahili ilikuwa na tarehe za kuripoti, tukapiga simu chuoni wakatuambia aje tu, akaenda wiki mbili baadaye. Alipofika akashughulikia kibali cha ukaazi ndani ya siku thelathini, basi. Kwa nini Uingereza wanaifanya ngumu hivi? Piga simu tu mwanangu.

Mkonge Mbichi

Shangazi, wa China walikuwa na viza mkononi, walichelewa kusafiri tu. Huyu viza yenyewe hana.

Shangazi wa Pangani

Hapana, viza pia ilichelewa. Ila sikumbuki vizuri, dada yake ndiye alifuatilia. Nitamuuliza.

Baba Zuhura

Mwalimu, hujajibu hoja yangu. Chuo kinaripoti au hakiripoti?

Mwalimu wa Raskazone

Kinaripoti, Baba Zuhura, hapo uko sahihi. Lakini kinachoripotiwa ni mwanafunzi ambaye hakujiandikisha, na taarifa hiyo hutolewa ndani ya siku kumi za kazi baada ya dirisha la kujiandikisha kufungwa. Barua ya kuuliza haimfanyi mtu aripotiwe. Anayekaa kimya mpaka dirisha lifungwe ndiye anayeonekana hakuja wala hakusema. Mpwa wako viza ilitoka kabla chuo hakijafungua, kwa hiyo hakuwahi kulifikia jambo lenyewe.

Na Kisosora, barua ya mjomba haisaidii kwenye viza hii. Fedha zinatakiwa ziwe kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi au mlezi wa kisheria, na zikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Mjomba anaruhusiwa kutoa hela, ila ziingie kwenye akaunti hizo kwanza na zitimize siku zake.

Binti Chumbageni

Zangu ziko kwa mama. Nilipeleka taarifa ya benki, cheti cha kuzaliwa na barua ya mama ya kuniruhusu kuzitumia. Siku 28 zilitimia na zaidi.

Kisosora

Basi wanapiga simu benki kuthibitisha. Mimi bado nasema ni benki. Simu ya tawi haipokelewi, faili linarudi chini.

Abiria wa Kange

Mimi naona ni msimu tu. Kila anayeenda Uingereza anaomba Agosti. Nilikuwa Dar kwa ajili hiyo hiyo wiki ile ile, foleni ilikuwa ndefu. Nilipanda basi la alfajiri Kange nikafika na kiguu kimevimba.

Ila kuna watu wanasema ukipata ujumbe wa "muda zaidi" maana yake utaitwa mahojiano. Kuna ukweli?

Mwalimu wa Raskazone

Wengine huitwa, kwa njia ya video mara nyingi. Wengine hupata viza kesho yake bila swali. Ujumbe wenyewe hausemi sababu, na kwa huu alioutaja binti sithubutu kubahatisha. Inaweza kuwa msimu, inaweza kuwa uhakiki wa cheti au wa benki. Binti, ila angalia hata folda ya taka kwenye barua pepe yako kila siku. Mwaliko wa mahojiano au ombi la nyaraka huja huko na huwa na muda mfupi wa kujibu.

Pwani Njema

Naomba nitoe kisa changu maana kinahusu kuchelewa pia. Mimi mwaka wangu nilikwama kabla hata ya kuomba. Kipimo cha kifua kikuu kwenye kliniki ya IOM Dar: picha ya kifua ikaonyesha kovu. Wakachukua makohozi siku tatu mfululizo wakasema majibu ya kuotesha yanaweza kufika wiki nane. Nilikuwa mzima kabisa, ni kovu la nimonia ya utotoni. Cheti kilipotoka Septemba ilikuwa imeshaingia.

Chuo kilinijibu vizuri sana kwa sababu niliwapa karatasi ya kliniki yenye tarehe. Walikataa kunichelewesha, wakanisogeza muhula wa Januari. Kwa hiyo dada, uliza pia Januari.

Binti Chumbageni

Pole na ahsante. Kozi yangu nadhani inaanza Septemba tu, kwa sababu ya mafunzo ya vitendo baharini. Nitauliza.

Mwalimu, kuna jamaa ameniambia pembeni kwamba niombe nianze mtandaoni nikiwa Tanga, viza ikitoka ndio nisafiri. Niiweke kwenye barua?

Mkonge Mbichi

Weka! Wakati wa korona wote walisoma mtandaoni.

Mwalimu wa Raskazone

Wakati ule kulikuwa na ruhusa maalumu, sasa haipo. Viza ya mwanafunzi ni ya kusoma ana kwa ana, na kujiandikisha kunamalizika pale chuo kinapokuona na kukagua viza yako. Vipo vyuo vitakufungulia mihadhara iliyorekodiwa na orodha ya vitabu kabla hujafika. Hiyo iombe, kwa sentensi moja. Ila usiandike "nianze mtandaoni", maana hicho ni kitu kingine na wataishia kukijibu hicho badala ya swali lako.

Jambo la mwisho ni nani anayeamua. Ofisi ya kimataifa haimruhusu mtu kukosa vipindi. Anayeamua hilo ni mkuu wa kozi. Ofisi inaangalia viza na CAS. Barua ikienda upande mmoja tu, itazunguka siku tatu kati ya meza mbili, na binti hana siku tatu. Iandikie ofisi na umwekee nakala mkuu wa kozi.

Mimi ningeiandika hivi:

Kichwa: Kuchelewa kwa viza na kujiandikisha kabla ya 6 Oktoba. Jina kamili la pasipoti, namba ya mwanafunzi, jina la kozi.

"Ninatarajiwa kuanza kozi tarehe 22 Septemba 2025. Niliomba viza tarehe 11 Agosti na kutoa alama za vidole tarehe 21 Agosti, Dar es Salaam. Leo, 15 Septemba, nimearifiwa kwamba uamuzi utachukua muda zaidi. Nimeambatisha ujumbe huo na uthibitisho wa miadi ya vidole. Namba yangu ya ombi ni GWF, ikifuatiwa na tarakimu zake.

CAS yangu inaonyesha kwamba mwisho wa kupokelewa ni 6 Oktoba. Naomba kujiandikisha kwa kuchelewa ndani ya tarehe hiyo. Naweza kusafiri ndani ya siku tatu baada ya kupata viza. Naomba mnithibitishie mambo mawili: kama 6 Oktoba bado ndiyo tarehe ya mwisho, na kama mkuu wa kozi anakubali nikose wiki mbili za kwanza. Ikiwa viza haitatoka kwa wakati, naomba kujua mapema ni lini nitapaswa kuahirisha, na naomba CAS isiondolewe kabla hatujawasiliana. Ningeshukuru pia kupata mihadhara iliyorekodiwa."

Usizidishe hapo. Na itume ifike kwao saa tatu asubuhi, ambayo sasa hivi ni saa tano yetu. Ikifika usiku inazikwa chini ya za wengine.

Kisosora

Siku tatu za kusafiri ni ahadi kubwa. Tiketi ya ghafla itamgharimu. Mimi ningesema wiki moja.

Mwalimu wa Raskazone

Akisema wiki na viza ikitoka 1 Oktoba, tayari amepita. Lakini kweli, aahidi anachokiweza. Binti, ongea na mama kuhusu tiketi kabla hujaandika siku tatu.

Shangazi wa Pangani

Nimemuuliza dada yake. Viza ya China ilikuwa tayari, alichelewa kwa malaria. Mkonge alikuwa sahihi. Lakini bado nasema simu inasaidia, sauti ya mtu si kama maandishi.

Abiria wa Kange

Shangazi wa Pangani hakubali kushindwa 😄 Ila simu ifuate barua, ili mwenye simu awe na cha kufungua.

Binti Chumbageni (Jumanne 16 Septemba, saa 3:40 usiku)

Nimetuma leo saa tano. Kuhusu siku tatu, mama kasema tiketi tutaiweza, nikaiacha ahadi hiyo kwenye barua kama ilivyo. Jioni nikapiga simu, aliyepokea aliikuta barua palepale kwa namba ya mwanafunzi.

Kuna mtu anajua habari ya chumba? Mkataba wa hosteli unaanza 20 Septemba.

Pwani Njema

Hosteli ni ofisi nyingine kabisa, dada. Andika kwao barua yako, waambie utafika baadaye ili wasigawe chumba. Kodi mara nyingi inaanza tarehe ya mkataba hata kama hujaingia. Uliza kama ukiahirisha unaweza kuvunja mkataba bila kulipa wote. Yangu ilikubali, ya rafiki yangu ilikataa.

Binti Chumbageni (Alhamisi 18 Septemba, saa 1:15 usiku)

Wakuu, wamejibu. Naeleza kwa kifupi.

6 Oktoba iko palepale, hawaongezi hata siku, na nitatakiwa niwe nimefika mbele yao na viza kabla ya saa kumi na moja jioni kwa saa zao. Mkuu wa kozi amekubali nikose wiki mbili za kwanza, lakini amesema kuna safari ya mafunzo ya pwani wiki ya tatu ambayo haina marudio. Januari hakuna, ni Septemba 2026. CAS hawataiondoa kabla ya Ijumaa ya 3 Oktoba, na wanataka niwaandikie siku hiyo kuwaambia hali ilivyo. Ada ya awali niliyolipa itahamia mwaka unaofuata nikiahirisha.

Swali jipya: ikifika 3 Oktoba bado hakuna kitu, niondoe mwenyewe ombi la viza au nisubiri? Na hela zangu?

Mkonge Mbichi

Ondoa upate hela zote.

Mwalimu wa Raskazone

Si zote. Ada ya ombi uliyolipa Agosti 2025, paundi 524, hairudi ukishatoa vidole. Malipo ya huduma za afya, ambayo kwa kozi yako ya mwaka mmoja yalikuwa paundi 1,164, hayo yanarudi ukiondoa ombi, na yanarudi hata ukikataliwa. Mwakani utahitaji CAS mpya, ada mpya na kipimo kipya cha kifua kikuu, maana cheti kinaishi miezi sita tu.

Kuhusu kuondoa au kusubiri: mimi ningeondoa mara tu chuo kinapothibitisha kuahirisha, kabla CAS haijaondolewa. Kukataliwa utakutaja kwenye fomu nyingi za viza zitakazofuata, hata za nchi nyingine.

Baba Zuhura

Hapo sikubaliani. Viza inaweza kutoka 4 Oktoba, Jumamosi, na ndege ipo Jumapili. Akiondoa Ijumaa amejikatia mwenyewe. Chuo kimesema hawataiondoa CAS kabla ya 3, hawajasema wataiondoa siku hiyo hiyo. Aombe mpaka Jumatatu.

Kisosora

Kwa hili niko na Baba Zuhura.

Mwalimu wa Raskazone

Maamuzi ya wikiendi si ya kutegemea. Lakini kuomba mpaka Jumatatu asubuhi hakumgharimu kitu, hilo nakubali. Aulize leo, asisubiri tarehe 3 yenyewe.

Binti Chumbageni

Nimeuliza sasa hivi, kwenye barua ile ile ili historia yote ikae pamoja. Viza bado. Kama kuna aliyetoa vidole Dar kati ya 18 na 25 Agosti kwa viza ya mwanafunzi, tafadhali aseme kama ameshapata jibu na kama alipata ujumbe wa muda zaidi.

Abiria wa Kange

Mimi nilitoa tarehe 20. Ujumbe huo sikuupata, na jibu pia sijapata.